Boksi Ambalo Hakuligusa

Walimwita Jicho, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na mkurugenzi wa kampuni ya matangazo, mama mmoja mkali mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, siku alipomwona akirudisha mzigo mzima kwa mchapaji kwa sababu wekundu wa nyanya kwenye picha ulikuwa umepoa. Umepoa vipi? Hakuna mwingine aliyeuona ubaridi huo. Mchapaji akapima kwa kifaa chake, akakuta kweli umepoa. Tangu siku ile ikawa Jicho huku, Jicho kule. Hata nyumbani mkewe akitaka kumtania alimwekea ungo mapajani na kumwambia, "Bwana Jicho, hebu nichambulie huu mchele."

Jina kama hilo tamu kulipewa, shida ni kulitunza. Mtu anayeitwa Jicho ataanzaje kusema haoni?

Maana alikuwa haoni vizuri. Daktari wa macho alimweleza bila kuzunguka: ni presha ya macho, imeshakula sehemu, na kilicholiwa hakirudi. Dawa ya matone itazuia kidogo, haitarudisha. Na akamwambia jambo lililomkata maini kuliko yote, kwamba rangi zitaanza kumchanganya, hasa buluu na kijani, zitakuwa kama ndugu wa tumbo moja. Jicho akaitikia kwa kichwa, akachukua chupa ya matone, akaishikilia barabarani mpaka ikapata joto la kiganja. Mkewe alipoiona, Jicho akamwambia ni ya macho makavu, kompyuta hizo, mama watoto. Mkewe akaamini. Kwa nini asiamini? Wamelea watoto watatu na hajawahi kumkamata na uongo wa maana.

Kazini alijifunza kuishi kwa namba. Kompyuta ina kialama kama kidude cha kunyonyea matone. Ukikigusisha kwenye picha, kinakwambia rangi ile imechanganywa vipi, buluu kiasi gani, njano kiasi gani. Macho yakisita, namba hazisiti. Jicho akawa hafanyi jambo bila kuuliza namba, na wenzake wakamsifu, wakasema mzee anazidi kuwa makini. Sifa zile zilimchoma, lakini alizimeza.

Na kulikuwa na kazi moja aliyoipenda zaidi ya zote kwa sababu ilimlinda. Ni kazi ya msimu ya kiwanda cha dawa ya kifua.

Dawa yenyewe mnaijua ilivyo: chupa ndogo ndani ya boksi, nembo yake ni kuku aliyefunika kifaranga kwa bawa. Iko ya aina mbili. Ya watoto boksi lake ni buluu. Ya watu wazima boksi lake ni kijani, na hiyo ni kali, ina kitu cha kulaza mtu. Kuku yule yule, kifaranga kile kile, chupa sawasawa. Anayejua kusoma atasoma. Asiyejua atatazama rangi, na kiwanda kinalijua hilo, ndiyo maana kitabu chao cha masharti ya chapa kilikuwa na ukurasa mzima wa makatazo. Boksi halibadilishwi rangi. Nembo haivalishwi kofia, haifungwi skafu, haiinamishwi, wala hakuna maandishi yatakayoisogelea. Mwaka mmoja kijana wa kampuni nyingine alimvisha kuku sweta la sufu, akaona ni ubunifu. Kazi yote ikatupwa na kampuni ile haikuitwa tena.

"Msimu tunauweka kuzunguka boksi," mkurugenzi alikuwa akiwaambia wageni wa kazi, "boksi lenyewe ni kama mkwe, humshiki."

Jicho aliipenda sheria hiyo kama mlemavu anavyopenda fimbo. Picha ya tangazo hujengwa kwa matabaka, kama karatasi za plastiki zilizo wazi ukizipanga moja juu ya nyingine. Chini kabisa anaweka ukuta na dirisha lenye ukungu. Juu yake meza, kikombe kinachofuka moshi, blanketi, mtoto aliyevaa soksi nzito. Kisha tabaka la boksi, picha halisi iliyotoka kiwandani, na hilo analitia kufuli asiliguse hata kwa bahati mbaya. Asichokigusa hawezi kukiharibu. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na misimu miwili ikapita salama.

Msimu wa tatu, baridi iliwahi. Watu wakaanza kukohoa kabla kiwanda hakijajiandaa, na afisa masoko wa kiwanda, dada mmoja mwenye haraka ya kuongea na kutembea, akapiga simu akitaka bango haraka, la kubandikwa kwenye kila duka la dawa, la bidhaa ya watoto. Jicho akafanya usiku na mchana. Akajenga chumba chenye mwanga wa moto wa kuni, wa rangi ya njano, mama amempakata mtoto, na boksi limesimama mezani mbele yao. Maneno juu: "Baridi ikae nje."

Mkurugenzi akaja, akavaa miwani, akaitazama picha.

"Chumba kizuri," akasema. "Lakini boksi limebandikwa. Hebu ona, chumba kizima kinawaka moto, lenyewe limesimama kama limetoka kwenye friji."

"Mama, tukiligusa wataikataa kazi."

"Nani kasema uliguse? Mwanga tu. Ufike mpaka kwenye boksi. Kidogo."

Hapo ndipo mambo yalipopindia, na tusimwonee, ombi lenyewe halikuwa la kipumbavu. Mwanga wa moto Jicho alikuwa ameuweka tabaka la juu kabisa, ufunike chumba chote, na mahali pa boksi akaukata tundu ili usiliguse. Alichofanya sasa ni kulijaza lile tundu kidogo kidogo, ukingoni kwanza, kisha mbele. Mkurugenzi akawa anasema, "Ongeza. Ongeza. Hapo, sasa limekaa." Na kweli lilikaa. Macho ya mtu yakizama kwenye picha ya rangi ya njano huzoea, yakaona kila kitu kiko mahali pake. Mkurugenzi mwenye macho yake mazima hakuona kitu.

Jicho alishtuka kidogo rohoni. Mwanga wa njano ukiulaza juu ya buluu unapata nini? Mtoto wa chekechea mwenye rangi za maji anajua. Lakini yeye alitazama boksi akaona lile lile alilozoea kuliona, rangi isiyo na jina. Akachukua kialama chake, akakigusisha kwenye boksi, akasoma namba. Zilikuwa zile zile za kitabu cha masharti, buluu safi ya watoto, haijapungua wala kuzidi. Akapumua.

Kosa lilikuwa hapo, na ni kosa ambalo mtu wa nje hawezi hata kuliota. Kialama kile kina kitufe cha kuchagua kisome nini: matabaka yote kama macho yanavyoyaona, au tabaka moja tu ulilosimama juu yake. Cha Jicho kilikuwa kwenye tabaka moja. Kilisoma boksi lililofungiwa chini, safi, halijaguswa, kama kumuuliza mtu aliye ndani ya nyumba kama mvua inanyesha nje. Mwenye macho mazima asingehitaji kuuliza.

Picha ikatumwa kwa afisa masoko. Akaitazama kwenye simu, njiani, akajibu neno moja: "Safi."

Kesho yake simu ya Jicho ikalia. Alikuwa Wino, fundi wa mtambo wa uchapaji, rafiki yake tangu wote wawili walipokuwa vijana wa kufagia vipande vya karatasi chini ya mashine. Mtambo ulikuwa unanguruma nyuma yake ikambidi apaaze sauti.

"Jicho, kaka, hili boksi lako mbona linaelekea kijani?"

"Umepima?"

"Sijapima, nimeona. Nimetoa karatasi moja ya majaribio iko hapa kwenye taa nyeupe. Kijani, bwana. Nisimamishe?"

Neno moja tu lilihitajika. Simamisha. Lakini kusimamisha mtambo ni kuitisha watu, na watu wangekuja kusimama mezani kwake na kusema, haya Jicho, tuonyeshe. Akaichungulia tena kompyuta yake, akasoma tena namba zake, kitufe kikiwa pale pale, kwenye tabaka moja.

"Namba ziko sawa, Wino. Ni mwanga wa moto huo. Chapa."

"Wewe ndiye Jicho," akasema Wino, akacheka, akachapa.

Siku iliyofuata Jicho alirudi nyumbani na nakala moja, kama kawaida yake, maana mkewe alizipenda na alizitumia kufunika kabati la vyombo. Mkewe alikuwa anakunja nguo. Akalitandaza bango kitandani, akalitazama mama na mtoto, akatabasamu.

"Mama kapendeza. Lakini baba watoto, mbona mmeweka ile ya wakubwa?"

"Ipi ya wakubwa?"

"Dawa. Si ya watoto ni buluu? Nimewanywesha wanao miaka yote, sitaijua?"

"Hiyo ni buluu."

Mkewe akacheka, akidhani anataniwa. Kisha akamtazama usoni na kicheko kikamwishia. Akachukua shati la shule la binti yao mdogo juu ya rundo, na kitenge chake mwenyewe, akavishika kimoja huku kimoja kule.

"Buluu ni ipi?"

Jicho akasema kichwa kinamuuma. Mkewe akavishusha vile vitambaa polepole, akakaa kitandani juu ya bango.

"Yale matone si ya macho makavu," akasema.

Alfajiri ya Jumamosi Jicho alikwenda ofisini kabla ya mtu mwingine yeyote. Akakibonyeza kile kitufe, akasoma matabaka yote kwa pamoja, na namba zikaja za kijani. Kijani kabisa, ya watu wazima, karibu sawa na ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha masharti. Mabango yalikuwa yanapakiwa asubuhi ile ile; gari la kiwanda lilikuwa halijaondoka. Namba ya afisa masoko ilikuwa kwenye simu yake. Akaitoa simu, akaiweka mezani, akaichukua tena.

Akajiambia maneno "Ya Watoto" yapo kwenye boksi, yanasomeka. Kwamba muuza dawa yeyote atauliza mgonjwa ni nani. Akajiambia atazungumza Jumatatu, kwa utulivu, baada ya kutafuta namna ya kuieleza bila kutaja macho, pengine aseme ni kompyuta. Mtu anayetaka kunyamaza hakosi sababu, huzikuta zimejipanga mlangoni. Lakini kilichomfunga mdomo kilikuwa kimoja, woga. Nje ya jina lile yeye alikuwa nani? Mzee mmoja anayepapasa ngazi giza likiingia. Gari likaondoka.

Mkewe alimuuliza jioni kama amesema. Akasema amesema. Huo ukawa uongo wa pili.

Wahenga walituachia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Walisahau kutuambia ni kifo cha nani.

Wito ulikuja katikati ya wiki. Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu ya vioo, na juu yake bango limetandazwa, na maboksi mawili yamesimama juu ya bango. Mkurugenzi alikuwepo, na afisa masoko, ambaye mara hii hakuwa na haraka yoyote, na mwanasheria wa kiwanda aliyekuwa akikunja na kukunjua kitambaa cha kufutia miwani. Wino alikaa mwisho wa meza na nguo za kazi, mikono yenye madoa ameificha mapajani.

Afisa masoko ndiye aliyeeleza. Bibi mmoja analea mjukuu wa mwaka mmoja na nusu, mama yake mtoto yuko kazini mbali. Mtoto akakohoa. Bibi akaenda duka la dawa, kumejaa watu, msimu wenyewe huu. Hajui kusoma. Akaliona bango ukutani, mama na mtoto, akaenda kulitazama kwa karibu, akarudi kaunta akasema nipe hiyo, akaonyesha boksi rafuni. Muuza dawa akamuuliza, ya mtoto? Bibi akasema ndiyo, kama ile ya pale. Muuza dawa akageuka, akalitazama bango, akaliona boksi la kijani, akatoa la kijani. Bibi akampa mtoto vijiko viwili kama alivyozoea kuwapa wanawe. Mtoto akalala. Bibi akafurahi kwamba amepata usingizi.

"Hakuamka," akasema afisa masoko. "Walimfikisha hospitali akiwa bado anahema kidogo. Amefariki jana."

Mkurugenzi alikuwa wa kwanza kusema, na alisema kwa sauti ya mtu anayejihami. Amefungua faili mwenyewe, akasema. Tabaka la boksi limefungwa kwa kufuli, ni picha ile ile iliyotoka kiwandani, namba zake ni za buluu. Jicho hakuligusa boksi. Sasa kama halikuguswa hapa, basi limebadilika mtamboni.

Watu wote wakamgeukia Wino.

Alikuwa na haki ya kusema, nilipiga simu, niliuliza, niliambiwa chapa. Alimtazama tu Jicho, akasubiri. Aliona jinsi ilivyo rahisi. Hahitaji hata kudanganya, anyamaze tu kama alivyonyamaza siku zote hizi, na rafiki yake ataubeba mzigo kwa ajili yake. Mkurugenzi ameshampasulia njia.

"Fundi wa mtambo ana la kusema?" mwanasheria akauliza.

"Aliniuliza," Jicho akasema.

Sauti ilitoka ndogo ikabidi aseme tena.

"Aliniuliza kabla ya kuchapa. Aliniambia limekuwa kijani. Mimi ndiye niliyemwambia achape. Mwanga niliuweka juu ya boksi, ndio uliolibadilisha. Sikuligusa boksi, mama, ni kweli, nililifunika tu. Na sikuona. Sioni buluu. Ni mwaka wa tatu sasa."

Mkurugenzi akavua miwani. "Wewe huoni nini?"

"Na Jumamosi nilijua," akaendelea, maana akisimama hapo asingeweza kuanza tena. "Mke wangu aliniambia. Nikaja nikapima vizuri nikajua, gari likiwa bado halijaondoka. Nikanyamaza."

Afisa masoko akayageuza yale maboksi, pande zisizo na maandishi zikamtazama Jicho, akayasogeza mbele yake. Pengine hakuwa anataka kumdhalilisha; pengine alikuwa anataka tu kuamini. "La mtoto ni lipi?" akauliza.

Jicho aliyatazama. Akainamisha kichwa kulia, akayasogeza kwenye mwanga wa dirisha, yote mawili yakabaki na ile rangi isiyo na jina. Akagusa moja.

Afisa masoko akaanza kulia.

Mwanasheria ndiye aliyerudisha mkutano mahali pake. Kiwanda kitakusanya mabango yote leo, akasema, na kubandika mengine. Mzee atapumzishwa, kimya kimya, kwa sababu ya afya. Na hayo yaliyosemwa humu yataishia humu, kwa sababu hakuna anayeyauliza. Familia haijamlalamikia mtu. Familia wenyewe wanasema ni bibi.

"Bibi kafanyaje?" Jicho akauliza.

"Wanasema amezeeka. Macho yake hayaoni tena, akachukua dawa isiyo yake. Wameshalikubali hivyo."

Nje, kwenye ngazi, Wino alimshika kiwiko, maana zilikuwa na kivuli.

"Kwa nini hukuniambia?" akasema. "Ningekuonea mimi. Rangi tu hizo, ningekuonea."

Jicho alilia hapo hapo kwenye ngazi, watu wakipita, na Wino akamwachia alie.

Aliyempeleka msibani ni mkewe. Alipomweleza yote, pamoja na ule uongo wa pili, hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu. Alivaa viatu, akasema, "Twende." Njiani hakumwambia neno zaidi ya "ngazi" na "shimo."

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili uani, watu wamekaa kwenye viti vya kuazima na kwenye mikeka. Hakuna aliyewauliza ni akina nani. Kwenye msiba hakuna mgeni. Mama wa mtoto alikuwa ndani, sauti yake imekwisha. Bibi hakuwa ndani na wanawake wengine. Alikuwa amekaa peke yake karibu na pipa la maji, kwenye kigoda, na viti vya pande zake zote mbili vilikuwa vitupu.

Alikuwa anaongea. Ni dhahiri alikuwa ameongea hivyo tangu asubuhi, na watu walikuwa wamechoka kumsikiliza.

"Nilitazama," alikuwa anasema. "Nilisogea mpaka karibu, nikaweka na kidole. Picha ilikuwa ya hiyo hiyo. Sikukosea mimi. Natunga uzi kwenye sindano bila miwani, nani hajui? Nilitazama vizuri."

"Basi, mama," mwanamume mmoja akamwambia, mwanawe bila shaka, bila kumtazama. "Tumesikia. Ni uzee. Hakuna anayekulaumu."

"Mnanilaumu."

"Tulishasema usitoke kwenda dukani peke yako. Macho yako yamekwisha, unakataa. Sasa ona."

Bibi akauinua mkono wake, akaushika mbele ya uso, akavitazama vidole vyake kimoja kimoja, kama anavihesabu, kama vile kwa mara ya kwanza na yeye ameanza kuwa na shaka. Hapo ndipo Jicho alipoona alichokifanya, zaidi ya alivyokiona kwenye ile meza ya vioo. Alikuwa amemuua mtoto na sasa alikuwa anamnyang'anya bibi macho yake.

Akauachia mkono wa mkewe. Akavuka ua, akijikwaa kwenye mguu wa kiti, akapiga magoti mbele ya kigoda ili uso wake uwe chini ya uso wa bibi. Watu walidhani ni wa ukoo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa nani?"

"Ile picha ya dukani niliitengeneza mimi," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Ulitazama vizuri. Boksi kwenye picha lilikuwa kijani, na wewe ulichukua la kijani. Macho yako ni mazima, bibi. Mabovu ni yangu. Niliyaficha."

Mwanamume yule alikuwa ameshasimama. Kiti kilianguka nyuma yake. Mkewe Jicho, pale alipoachwa, hakusogea.

Bibi hakumpiga wala hakumlaani. Alimshika kidevu kwa vidole viwili, akamgeuzia uso kwenye mwanga, akamtazama jicho moja, kisha la pili, kwa muda mrefu.

"Mmemsikia?" akawaambia watu. "Mmemsikia huyu?"

Kisha akamwachia, na kilio alichokuwa amekizuia tangu siku ile, kwa kuwa walimfanya ajione hana haki ya kulia, kikaanza kumtoka.